LTP: Kuimarika, si Kukumbuka

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana wa Katoro, aliniletea rasimu yenye sentensi hii: “Zebaki huharibu LTP, yaani kumbukumbu ya muda mrefu, ndiyo maana wachoma dhahabu husahau.” Nilimuuliza neno “kumbukumbu” amelitoa wapi. Akajibu, “Mwalimu, si ndiyo maana yake?” Hapana, siyo. Ila kosa si lake peke yake, kwa kuwa Kiswahili chetu cha darasani kimeziacha herufi hizo tatu, za “long-term potentiation” ya Kiingereza, bila jina, na kitu kisicho na jina huvishwa la jirani yake.

Tuanze na kilichoonekana. Mwaka 1966 Terje Lømo, akiwa Oslo, aliona jambo ambalo yeye na Tim Bliss walilichapisha kwa kirefu mwaka 1973. Sungura aliyelazwa kwa dawa ya usingizi aliwekewa waya wa kusisimua kwenye nyuzi za neva zinazoingia hipokampasi, na waya mwingine wa kusikiliza jibu la seli zinazopokea. Pigo moja la umeme lilitoa jibu la ukubwa fulani. Kisha nyuzi zilipewa mipigo ya haraka, kwa mfano 100 kwa sekunde kwa sekunde tatu au nne. Baada ya hapo, pigo moja lilelile la mwanzo likaanza kutoa jibu kubwa zaidi, na ukubwa huo ukadumu kuanzia nusu saa hadi saa 10. Hali hiyo ilionekana kwa sungura 15 kati ya 18.

Hakuna hata mmoja aliyefundishwa kitu. Wote walikuwa wamelala. Kwa hiyo LTP ni jina la badiliko lililopimwa kwenye sinapsi, pale seli moja ya neva inapoipa nyingine ishara. Kwamba badiliko hilo ndilo linalobeba kumbukumbu ni dai jingine, lenye ushahidi wake. Mwaka 1986, kwa mfano, Richard Morris na wenzake walionyesha kwamba panya waliopewa dawa ya kuziba vipokezi vya NMDA walishindwa kujifunza mahali jukwaa lilipofichwa chini ya maji. Jina likishameza dai, mwanafunzi hana tena pa kuuliza ushahidi.

Basi tuiite nini? “Uwezeshaji” huwajia wengi kwanza, nami naukataa, si kwa sababu tu umechoshwa na semina. Sinapsi ina badiliko jingine fupi, ambapo pigo la pili likifuata la kwanza baada ya milisekunde chache hutoa jibu kubwa, kisha hali hurudi ilivyokuwa. Neno “uwezeshaji” linalifaa hilo. “Uimarishaji” unakaribia, lakini kiambishi -ish- kinadai mtendaji, na msomaji atauliza nani anaimarisha. Mjaribu anapiga umeme tu. Sinapsi inaimarika yenyewe kwa shughuli zake. Ndiyo maana nachagua “uimarikaji wa muda mrefu wa sinapsi”, na neno “sinapsi” lisidondoshwe, kwani ndilo linalozuia “muda mrefu” usivutwe kuelekea kumbukumbu.

Jina la familia nzima ya mabadiliko haya lina mtego wake. Wapo wanaoandika “unyumbufu wa sinapsi”. Kinachonyumbuka hukunjika kikarudi, kama mpira wa manati, ilhali hoja hapa ni kwamba sinapsi ikibadilika inaweza kubaki ilivyobadilika. Udongo wa mfinyanzi unafaa zaidi: ukiubonyeza, unashika alama. Mimi naandika “ufinyangikaji wa sinapsi”, hata kama ulimi unalalamika kidogo.

Sisi tuliokulia Shinyanga hushawishika kueleza uimarikaji kwa njia ya ng'ombe kwenda lamboni: kadiri wanavyopita, ndivyo inavyochimbika. Mfano huo unaishia nusu. Unaeleza wingi wa mapito, hauelezi sharti la pande mbili. Duara la mchimbaji mdogo linaeleza vizuri zaidi. Aliye chini hutikisa kamba kuashiria kwamba kiroba cha mawe kiko tayari, lakini kiroba hakipandi mpaka aliye juu awe ameshika winchi. Akitikisa huku mwenzake kaenda kunywa chai, hakuna kinachotokea.

Kipokezi cha NMDA hufanya kazi hivyo. Seli inayotuma humwaga glutamati, nayo hukaa kwenye kipokezi. Huko ni kutikisa kamba. Lakini tundu la kipokezi limezibwa na ayoni ya magnesiamu, na ayoni hiyo hutoka tu ikiwa seli inayopokea tayari imesisimka vya kutosha kiumeme. Yakikutana mawili hayo, kalsiamu huingia, huamsha vimeng'enya, na vipokezi zaidi vya aina ya AMPA hupandishwa kwenye utando wa seli. Kuanzia hapo glutamati ileile inasikika kwa nguvu zaidi. Mipigo ya haraka inafanikiwa kwa kuwa inaisisimua seli ya pili huku glutamati ingali ipo.

Utajuaje kwamba ulichokiona ni uimarikaji kweli? Chukua kipande cha hipokampasi ya panya. Unapima mteremko wa jibu kwa nusu saa, pigo moja kila sekunde 30, unapata 0.40. Unatoa mipigo ya haraka, unasubiri saa nzima, unapata 0.60. Hiyo ni asilimia 150, na wengi hufungulia soda hapo. Subiri. Tazama kwanza kishindo kidogo kinachotangulia jibu, kinachoonyesha wingi wa nyuzi zilizoitika. Kama nacho kimetoka 0.20 kikafika 0.30, huenda umeamsha nyuzi nyingi zaidi tu, wala sinapsi haijaimarika. Na kupanda kunakokwisha ndani ya dakika chache ni jambo la muda mfupi, lisiitwe kwa jina hili.

Turudi kwa wachoma dhahabu. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wa mwaloni, hupata donge, kisha hulichoma, na mvuke wake huvutwa na mapafu hadi ubongoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mradi wa Zebaki Duniani wa UNIDO ulipima afya za watu wa Rwamagasa, Geita, na kuwalinganisha na wakazi wa Katoro. Miongoni mwa vipimo kilikuwamo cha kurudia tarakimu zilizosomwa. Madhara kwa wachomaji yalionekana. Lakini kurudia tarakimu papo hapo hutegemea zaidi umakini na sehemu za mbele za ubongo; mtu aliyeharibikiwa hipokampasi zote mbili anaweza kuzirudia bila shida, kisha asikumbuke kwamba alipimwa. Kipimo hicho hakiwezi kushuhudia habari za uimarikaji.

Maabara nayo ina tahadhari yake. Methili-zebaki ikimiminwa kwenye kipande cha hipokampasi hudhoofisha hata jibu la kawaida la sinapsi, na ambaye haongei kabisa huwezi kusema ameshindwa kupaza sauti. Isitoshe, ile ni zebaki ya kwenye samaki, siyo mvuke wa Rwamagasa.

Kijana alichukua rasimu yake akakaa nayo siku mbili. Iliporudi, sentensi ilikuwa imegawanyika: “Mvuke wa zebaki huumiza mfumo wa neva wa wachomaji. Kama unagusa uimarikaji wa muda mrefu wa sinapsi katika hipokampasi zao, vipimo vilivyofanyika Rwamagasa havikuundwa kuonyesha.” Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameniuliza ni kipimo gani basi kingeonyesha kwa binadamu aliye hai, kwa kuwa hatuwezi kumkata kipande.