Wachimbaji Waliobarikiwa: Historia Fupi ya Marafiki wa Uongo

Hebu tuanze na sentensi mbili za Kifaransa. Nimezitunga mwenyewe kwa kufuata zile habari fupi ambazo mwanafunzi hupewa kwenye mtihani wa ufahamu:

*Hier, trois mineurs ont été blessés. Actuellement, leurs familles attendent devant l'hôpital et demandent des nouvelles.*

Mwanafunzi wa Kahama au Geita aliyesoma Kifaransa miaka miwili mitatu hawezi kutishwa na maneno haya. Karibu kila moja analiona lina ndugu yake kwenye Kiingereza: "minor", "blessed", "actually", "attend", "demand", "novel". Anawaunganisha ndugu hao na kupata habari yake: jana watoto watatu walibarikiwa, kwa kweli, familia zao zinahudhuria mbele ya hospitali na zinadai riwaya.

Habari yenyewe inasema hivi: jana wachimbaji watatu walijeruhiwa, hivi sasa familia zao zinasubiri mbele ya hospitali na kuulizia hali. Yaani ajali ya mgodini imegeuka kipaimara. Na hii ni katika ukanda wa dhahabu, ambako hata asiyejua Kifaransa anafahamu familia zilizosimama nje ya hospitali zinafanya nini.

Maneno ya aina hii yana jina. Mwaka 1928 Wafaransa wawili, Maxime Kœssler na Jules Derocquigny, walitoa kitabu walichokiita *Les faux amis*, marafiki wa uongo, na jina hilo likabaki. Ila mimi naona neno "uongo" linawaonea kidogo. Wengi wao si waongo hata kidogo. Ni ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa zamani, kila mmoja akalelewa kwake.

Utengano huo ulianza mwaka 1066, pale Mtawala wa Normandi, William, alipovuka bahari na kuiteka Uingereza. Waliokuja naye walizungumza Kifaransa cha kwao, na kwa vizazi kadhaa lugha hiyo ikawa ya ikulu, ya mabwana na ya mahakama. Mkulima aliendelea na Kiingereza chake. Mwaka 1204 wafalme wa Uingereza wakaipoteza Normandi, na kamba iliyounganisha pande mbili ikalegea. Kufika 1362 ilibidi itungwe sheria kwamba kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakielewi tena Kifaransa. Lakini maelfu ya maneno yalishaingia na hayakurudi.

Sasa tuangalie "demander". Kwa Kifaransa ni kuuliza au kuomba tu, bila ukali wowote. Ilikuwaje Kiingereza kikalifanya kuwa kudai? Jibu liko mahakamani. Kwenye Kifaransa cha sheria cha Uingereza, mtu aliyeomba arudishiwe ardhi yake aliitwa "demandant". Huyo haombi hisani, anasimama juu ya haki yake. Waingereza walilizoea neno hili katika mdomo wa mtu wa kesi, nalo likabaki na ukali wa kesi. Ufaransani liliendelea kutumika sokoni na nyumbani, likabaki pole.

"Actuel" nalo lina safari yake. Chimbuko lake ni Kilatini, na maana ya mwanzo ilihusu kitu kilichomo kwenye kutenda, si kile kinachowezekana tu. Kiingereza kikashika upande mmoja: kama kipo kwenye kutenda, basi ni cha kweli. Kifaransa kikashika upande wa pili: kama kipo kwenye kutenda, basi kinaendelea sasa. Ndiyo maana "actuellement" ni hivi sasa, wala si kwa kweli.

Wapenzi wa vitabu watafurahia zaidi hili la tatu. Kila mwalimu wa Kifaransa anaonya kwamba "librairie" ni duka la vitabu, si maktaba. Ni kweli kwa leo. Lakini katika karne ya 14 mfalme Charles wa Tano alikuwa na "librairie" katika jumba la Louvre, na ilikuwa maktaba kabisa. Karne mbili baadaye Montaigne bado aliita hivyo chumba chake cha vitabu. Hapa Kiingereza ndicho kilichotunza maana ya zamani. Kifaransa ndicho kilichohama: kikaipa maktaba neno "bibliothèque", na "librairie" ikabaki kwa wauzaji.

Na "blessé"? Huyu ndiye mwongo wa kweli. Hana undugu wowote na "bless" ya Kiingereza. "Bless" ni neno la Kiingereza cha kale lililotokana na damu, huenda kwa sababu ya damu ya kafara. "Blesser" limetoka kwa Wafranki, watu waliozungumza lugha ya jamii ya Kijerumani, likiwa na maana ya kupondaponda. Yamefanana kwa bahati tu.

Sasa kwa nini jambo hili limkamate mwanafunzi wa Shinyanga? Kwa sababu ya njia anayopitia. Sekondari anasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo Kifaransa kinamjia kupitia Kiingereza. Akikwama, kichwa kinakimbilia huko. Kwenye mazungumzo uso wa mtu unamrekebisha. Dereva wa lori la Burundi akisimama Isaka akasema "j'attends", unamwona amekaa anasubiri. Kwenye karatasi ya mtihani hakuna uso. Kuna muda unaokwisha na neno linalofanana.

Hata hivyo karatasi nayo ina dalili zake, na mara nyingi zimo kwenye maneno madogo. "Assister" likifuatwa na "à" na kitu, kama somo au mkutano, ni kuhudhuria; likifuatwa na mtu moja kwa moja, ni kusaidia. Kwenye mfano wetu, baada ya "attendent" hakuna mkutano wala darasa, kuna "mbele ya hospitali" tu. Mtu hahudhurii mbele ya jengo. Hapo ndipo pa kushtuka.

Dawa nyingine iko karibu zaidi, nayo ni Kiswahili. Kwa Kifaransa "argent" ni madini ya fedha, na pia ni pesa. Kiingereza kimetenganisha vitu hivyo viwili, ila Kiswahili kinasema fedha kwa vyote. "Monnaie" inayofanana na "money" mara nyingi ni chenji tu, na mwenye duka Kahama anajua vizuri tofauti ya chenji na pesa. Anayetoka kwenye Kifaransa akaenda moja kwa moja kwenye Kiswahili hakutani na ndugu wa kumchanganya.

Isipokuwa pale Kiswahili chenyewe kilipokopa Kiingereza. Mwanafunzi akiandika "j'ai passé l'examen" akidhani amesema amepasi, msahihishaji wa Kifaransa anasoma kwamba alifanya mtihani, basi. Angeanza na neno kufaulu, angelitafuta "réussir". Kwa sentensi aliyoandika, matokeo bado hayajulikani.