Kumbukumbu ya kila siku ya mgonjwa mahututi

Kumbukumbu ya kila siku ya mgonjwa mahututi ni maandishi ya daktari kuhusu hali ya mgonjwa katika saa 24 zilizopita na mpango wa siku inayoanza. Hutanguliza matukio ya usiku, kisha hufuata mifumo ya mwili kwa mpangilio usiobadilika, kwa kawaida kuanzia ubongo, upumuaji na moyo. Kila mfumo huandikiwa hali, tafsiri na hatua.

Kwa mfano, mgonjwa wa ajali anapumua kwa mashine, na ana mrija wa kifua upande wa kulia. Usiku oksijeni ilipandishwa kutoka asilimia 40 hadi 60. Mrija uliokuwa ukitoa damu haukutoa kitu tangu saa nane, na maji ndani yake hayachezi kwa pumzi. Yakiandikwa pamoja chini ya upumuaji, mambo haya yanaonyesha kwamba huenda mrija umeziba na hewa au damu inabana pafu. Hatua ni kumpima kifua mara moja, kukagua mrija na kupiga picha. Yakitawanywa, mrija mkavu huweza kudhaniwa ni dalili ya kupona.

Mwisho huorodheshwa mirija yote: mahali ilipo, siku ilizokaa na sababu ya kubaki. Kosa la kawaida ni kunakili orodha ya jana, hivyo mrija usiohitajika huachwa katika mshipa na kuleta maambukizi.