Mazungumzo ya wenza kuhusu unywaji uliokithiri

Mazungumzo ya wenza kuhusu unywaji uliokithiri ni maongezi ya faragha ambayo mke au mume humweleza mwenzake jinsi pombe inavyoharibu jioni zao, fedha zao na kuaminiana kwao, bila kumfedhehesha wala kumtishia. Makala hii inatazama zaidi Mbezi Beach, wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, na mume anayekunywa. Mke anapokuwa ndiye mnywaji, hatua ni zilezile, ila aibu ya mtaani humwelemea zaidi.

Mazingira

Mbezi Beach iko kando ya Barabara ya Bagamoyo, mbali na ofisi za Posta na Kariakoo. Mfanyakazi anayetoka kazini hupita baa nyingi kabla ya kufika Makonde au Africana, na "kusubiri foleni ipungue" ni sababu inayokubalika. Bia mbili za kusubiri foleni huwa nne, kisha sita. Pombe kali za kwenye viroba zilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini hatua hiyo haikugusa bia wala konyagi ya chupa, ambazo ndizo kinywaji cha kawaida cha baa hizi.

Neno "mlevi"

Kiswahili kina njia mbili za kulitaja jambo hili. "Wewe ni mlevi" hutaja mtu alivyo. "Ijumaa ulilewa" hutaja usiku mmoja. Kauli ya kwanza humlazimu anayeambiwa autetee utu wake, na utetezi ulio rahisi kuliko yote ni kutaja mwingine anayekunywa kumzidi. Ya pili haina wa kulinganishwa naye, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa moja na wote wawili wanaikumbuka. Maneno "kila siku" na "hujawahi" nayo huharibu maongezi, kwani mnywaji hukumbuka mara moja ile siku ambayo hakunywa.

Wakati wa kuzungumza

Hapa ndipo wengi hukosea. Mke hukesha akisubiri, mlango ukifunguliwa anaanza. Anachosema ni kweli, lakini aliyelewa hawezi kukipima, na kesho yake huenda akumbuke kelele tu.

Hata asubuhi inaweza kuwa mapema mno. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi, na mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 8 kwa saa, ingawa watu hutofautiana. Kwa hiyo kila chupa huhitaji takribani saa mbili na nusu. Aliyeanza kunywa saa moja usiku akamaliza chupa sita anahitaji kama saa 15, yaani hadi saa nne asubuhi. Maongezi ya saa kumi na mbili alfajiri humkuta bado ana pombe mwilini, au ana kichwa kinachogonga. Wakati ulio salama ni Jumapili alasiri, au jioni ya katikati ya wiki ambayo hakunywa, watoto wakiwa wameshakula.

Njia ya Meyers

Jinsi ya kumfikisha mnywaji kwenye tiba ndiyo sehemu ya suala hili iliyochunguzwa vizuri zaidi. Robert Meyers wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alibuni mafunzo kwa ajili ya ndugu na wenza wa wanywaji wanaokataa tiba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, familia 130 ziligawanywa katika njia tatu. Waliofuata njia ya Meyers waliwafikisha wapendwa wao kwenye tiba kwa asilimia 64. Njia ya kumkabili mnywaji kwa kikao cha pamoja ilifikia asilimia 30, na kuhudhuria vikundi vya wenza wa wanywaji asilimia 13. Katika njia ya kikao, familia nyingi hazikuthubutu hata kukiitisha. Aliyewahi kuona mume akiwekwa kati na wajomba na wasimamizi wa ndoa ataelewa kwa nini. Hata hivyo, kufika kwenye tiba si sawa na kuacha pombe, na wenza wenyewe walipata nafuu katika njia zote tatu.

Kiini cha njia hii ni mambo mawili. Mnywaji anapokuwa hajanywa, mwenza humpa ukaribu: chakula cha pamoja, maongezi, matembezi ya ufukweni. Anapokuwa amelewa, mwenza hujiondoa kimya bila ugomvi, wala hamfichii madhara. Hampigii bosi kudanganya kwamba mume ana malaria, na halipi deni la baa kwa fedha za kikoba. Mpaka wa namna hii hutofautiana na kitisho, kwa sababu msemaji hutaja atakalofanya yeye mwenyewe na ambalo kweli atalifanya. "Nitakuacha", ikisemwa mara ya saba, huwa mume ameshaizoea.

Mfano

Mfano huu ni wa kubuni. Mume alirudi Ijumaa saa saba usiku, na kati ya Sh 300,000 za ada ya shule zilibaki Sh 120,000. Jumapili alasiri mke alisema:

"Mume wangu, naomba dakika kumi. Ijumaa ulirudi saa saba. Mtoto alikusubiri akuoneshe ripoti yake mpaka akalala kwenye kochi. Na ada imebaki laki na ishirini. Nilihuzunika, na niliogopa. Jumatano ulipowahi kurudi tulicheka humu ndani. Naomba Ijumaa hii uje moja kwa moja, na mshahara ukiingia tulipe ada siku ileile."

Mume akajibu: "Kwani Mbezi nzima ninakunywa mimi peke yangu?"

"Siwasemi wengine. Naisema Ijumaa yetu."

Akanyamaza, kisha akasema, "Sawa, nitajaribu."

Mke hakumtaka aape. Kiapo kikivunjwa, mnywaji hubeba aibu mbili, na ya pili humfundisha kuficha: risiti hufutwa kwenye simu, mkopo huchukuliwa kimyakimya. Risiti ya ada iliyolipwa siku ya mshahara huonekana kwa macho. Ijumaa iliyofuata mume alirudi saa mbili usiku akiwa na bia mbili. Mke alisema amefurahi kumwona mapema, na hakuzitaja zile bia. Ijumaa ya tatu alichelewa tena. Mke hakukesha. Alikula na watoto, akalala, na Jumapili akaomba tena dakika kumi, safari hii akiuliza kama wangekwenda pamoja kumwona daktari.

Tahadhari

Mume anayetetemeka mikono au kutokwa jasho asubuhi mpaka apate kinywaji hapaswi kuombwa aache ghafla. Mwili uliozoea pombe ukiikosa unaweza kupata degedege ndani ya saa 48, na kuchanganyikiwa kwa hatari siku ya pili hadi ya nne. Huyo aache chini ya uangalizi wa daktari. Hospitali ya Mwananyamala iko upande wa Kinondoni, ya Temeke upande wa Temeke, na Muhimbili ina idara ya afya ya akili.

Mahali penye kipigo, mazungumzo haya hayafai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwenza mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Anayepigwa aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Usuluhishi

Kwa wenza walioshindwa kuelewana wenyewe, Sheria ya Ndoa iliweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa katika kila kata. Kwa kawaida ombi la talaka halipokelewi mahakamani kabla shauri halijapitia huko, kwa hiyo wengi hufika barazani wakiwa wameshaamua kuachana.