Shaka Iliyofutwa: Kupanga Upya Kumbukumbu za Mikutano ya Zamani Lafey

Kifungu cha 17 cha sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu haki ya kupata habari kinazitaka taasisi za umma kutunza rekodi zilizo sahihi, za asili, kamili na zinazoweza kutumika. Kinazitaka pia ziingize mifumo yao ya rekodi katika kompyuta ndani ya miaka mitatu tangu sheria ianze kuzihusu. Agizo la pili limesomwa kwa bidii kuliko la kwanza. Kutokana nalo imezuka hoja inayopata wafuasi wengi katika ofisi za ngazi ya chini: kwamba kumbukumbu za zamani, zilizoandikwa kila moja kwa namna yake, zichapwe upya katika kiolezo kimoja chenye vichwa vile vile, nambari zinazofuatana na tarehe za muundo mmoja, kisha karatasi kuukuu zihesabiwe kuwa zimemaliza kazi yake. Makala haya yanapinga nusu ya hoja hiyo. Mtindo mmoja unahitajika kweli. Lakini kumbukumbu iliyopangwa upya ni fasiri ya ile ya kwanza, na fasiri haiwezi kukalia kiti cha asili.

Hakuna ubishi mkubwa kuhusu sifa za rekodi njema. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15489, kilichotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2016, kinataja sifa zile zile za uasili, uaminifu, ukamilifu na utumikaji, na wataalamu wa nyaraka wanakubaliana nazo. Mgogoro unaanza pale sifa hizo zinapogombana. Hilary Jenkinson, katika mwongozo wake wa mwaka 1922, alimfanya mtunza nyaraka kuwa mlinzi asiyegusa kitu: kazi yake ni kuhifadhi, na kufasiri ni kazi ya wengine. Wanaomfuata kwa ukali husema kumbukumbu za zamani ziachwe zilivyo. Msimamo huo una heshima yake, ila unafaa pale penye chumba cha kusomea na mtu aliyelipwa kumwongoza msomaji. Mzee wa Fino au Warankara anayetaka kujua kamati iliamua nini kuhusu kisima miaka ishirini iliyopita hana chumba hicho. Akikabidhiwa daftari tatu, moja ya Kiingereza, moja ya Kiswahili, na ya tatu yenye tarehe za Hijria, rekodi hiyo ina uasili wote na haimfai kitu. Kwa hiyo siwezi kuwaunga mkono walinzi hao. Ila wapenzi wa kiolezo wana kosa kubwa zaidi, kwa sababu kosa lao halirekebishiki.

Lafey ni mahali pazuri pa kulionyesha kosa hilo. Iko katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia, na utawala wake umebadilika sura mara kadhaa katika umri wa mtu mmoja. Hadi serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, kumbukumbu za huko zilibeba majina ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, uliotawaliwa kutoka Garissa, na Wilaya ya Mandera pamoja na vipande vilivyomegwa kutoka kwayo baadaye. Eneo bunge la Lafey lenyewe lilichagua mbunge kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa mwaka huo huo. Kiolezo kinachoandika "Kaunti ya Mandera, Kaunti Ndogo ya Lafey" juu ya mkutano wa mwaka 1998 kinataja mamlaka ambayo hayakuwapo. Kosa hili la kichwa ni jepesi kuliona, kwa hiyo nalipita. Yale yasiyoonekana ndiyo yanayonishughulisha, na la kwanza kati ya hayo ni tarehe.

Nitatumia mfano niliouunda, si faili la kamati fulani, ili kila hatua ionekane bila kumwanika mtu. Tuseme kamati ya maji ina kumbukumbu iliyoandikwa "3/4/05". Makarani wa Kenya huanza na siku, kwa hiyo tarehe ni 3 Aprili 2005. Lakini katika Kaskazini Mashariki baadhi ya mikutano ya maji na ya chakula cha msaada huitishwa na mashirika ya kigeni, na karatasi iliyochapwa kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani huanza na mwezi. Kwa mpangilio huo, tarehe ni 4 Machi 2005. Tofauti ya siku thelathini inaweza kuonekana ndogo kwa mtu wa Nairobi. Lafey, Machi ni mkia wa jilaal, kiangazi kikali ambapo kisima chenye jenereta ndicho uhai wa mifugo, na Aprili ndipo mvua za gu hutarajiwa. Uamuzi wa kupandisha ada ya kunywesha ngamia ukiwa wa Machi ni uamuzi wa dharura. Ukiwa wa Aprili, baada ya mvua, unaulizwa maswali mengine kabisa.

Mchapaji atajuaje? Kuna dalili, na kila moja ina mpaka wake. Tarehe 4 Machi 2005 ilikuwa Ijumaa, na 3 Aprili ilikuwa Jumapili. Katika mji wa Waislamu mkutano mrefu wa Ijumaa mchana hauelekei, lakini wa asubuhi unawezekana. Jumapili ofisi za serikali hufungwa, lakini kamati ya wazee haifungwi nazo. Kama ndani mnatajwa lori la maji au malisho yaliyochipua, mizani inaelemea upande mmoja, ingawa gu huchelewa na miaka mingine haiji. Dalili bora hutoka nje ya karatasi hiyo: mkutano uliofuata, unapothibitisha kumbukumbu "za mkutano wa tarehe fulani", mara nyingine huutaja mwezi kwa jina. Pasipokuwa na hilo, jibu la kweli ni kwamba tarehe ni mojawapo ya mbili, na mtindo sanifu una namna ya kulisema jibu hilo. Toleo la ISO 8601-2 la mwaka 2019 linaruhusu tarehe yenye shaka iandikwe kwa alama zake:

```
asili: "3/4/05"              sanifu: [2005-03-04,2005-04-03]
asili: "mwezi wa nne 2005"   sanifu: 2005-04
asili: "5 Muharam 1426"      sanifu: 2005-02-14~
```

Mabano ya mraba yanasema "mojawapo ya hizi". Mstari wa pili unaishia kwenye mwezi kwa sababu asili iliishia hapo, na asiyependa pengo asiijaze tarehe mosi. Alama ya mwisho katika mstari wa tatu inasema "takriban", kwa kuwa mwezi wa Hijria hutegemea kuandama, na jedwali la hesabu linaweza kutofautiana na mwezi ulioonekana kwa siku moja. Aidha, siku ya Hijria huanza magharibi, hivyo mkutano uliofanyika baada ya sala ya isha huangukia tarehe mbili kulingana na anayehesabu.

Saa nazo zina mtego wake. "Mkutano ulianza 3.00" katika daftari la Kiswahili ni saa 3 asubuhi, ambayo kiolezo kitaiandika 09:00. Katika daftari la Kiingereza la kamati hiyo hiyo, 3.00 inaweza kuwa alasiri, yaani 15:00. Namna ya kulitatua ni kutazama mwisho wa mkutano. Ukifungwa "6.30 kwa ajili ya sala ya adhuhuri", saa ni za Kiswahili bila shaka, maana adhuhuri Lafey huingia muda mfupi baada ya saa 6 mchana. Pasipo na sala wala neno la asubuhi au jioni, iachwe 3.00 kama ilivyo.

Wapo watakaosema kompyuta itayamaliza haya. Ukweli ni kwamba kompyuta huyazidisha, na kimya kimya. Safu ya tarehe za Kikenya ikiingizwa katika Excel yenye mpangilio wa Kimarekani, 3/4/05 hugeuka Machi bila onyo, wakati 13/4/05 hubaki maandishi matupu kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Dalili yake inaonekana kwa macho: tarehe zilizogeuzwa huegemea kulia kwa seli, zilizobaki maandishi huegemea kushoto, na kati ya zilizogeuzwa hakuna hata moja ambayo siku yake inazidi 12. Anayeliona hilo katika jedwali lake asisahihishe seli mojamoja. Arudi kwenye karatasi na kuingiza safu nzima upya kama maandishi.

Jambo la pili ni nambari. Kumbukumbu nyingi za zamani hufunga maamuzi kadhaa chini ya nambari moja. Katika mfano wetu, KUMB. 4 inasema ada ya ngamia ipande, mlinzi wa jenereta aajiriwe, na fundi aitwe. Kiolezo kinataka jambo moja kwa kila nambari, kwa hiyo mchapaji anazifanya KUMB. 4, 5 na 6, na iliyokuwa 5 inakuwa 7. Mkutano wa pili, chini ya yatokanayo, unasema "KUMB. 5 imetekelezwa". Katika asili, KUMB. 5 ilikuwa ununuzi wa dizeli. Katika nakala safi ni kuajiriwa kwa mlinzi, na atakayeisoma ataamini mlinzi aliajiriwa. Dawa yake ni kuiacha nambari ya zamani ishike nafasi yake, na kugawa kwa herufi tu: KUMB. 4(a), 4(b), 4(c). Tena ielezwe kwamba herufi ni za mchapaji, kwa sababu hata kugawa huku ni uamuzi: mkutano wa baadaye ukisema "KUMB. 4 ilipingwa", hatujui kama wazee walipinga ada peke yake au yote matatu.

Tatu ni ukimya. Kiolezo kina vichwa vya waliohudhuria, waliotuma udhuru na waliokosa. Karatasi ya zamani ina majina ya waliokuwapo basi. Mchapaji akiandika "Hakuna" chini ya waliokosa, ametoa ushahidi ambao karani wa kwanza hakuutoa, na ushahidi huo unaugusa uhalali wa mkutano, kwani akidi huhesabiwa kwa majina. Neno linalostahili hapo ni "haikuandikwa". Vivyo hivyo kwa sahihi: nakala mpya haina haki ya kuwa na mstari wa sahihi, kwa kuwa wajumbe waliothibitisha kumbukumbu walithibitisha karatasi nyingine. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, hutofautisha waraka wenyewe na nakala yake, na ushahidi wa kwanza ni waraka wenyewe.

Pingamizi zito ni la gharama: kutunza karatasi, picha yake na nakala iliyopangwa ni kazi mara tatu kwa ofisi isiyo na mhifadhi. Nalikubali kwa sehemu. Picha ya simu yenye mwanga mzuri, ikipewa jina linalorudiwa juu ya nakala iliyopangwa, inagharimu dakika chache kwa ukurasa, na muda unaookolewa kwa kutolazimisha tarehe na kutopanga nambari upya unaweza kuifidia. Lakini hilo halilindi karatasi. Sheria ya nyaraka ya Sura ya 19, ya tangu 1965, inakataza kuharibu rekodi za umma bila idhini, ilhali kamati ya maji ya kijiji, au ya amani iliyoundwa na wazee, mara nyingi husimama nusu ndani ya serikali na nusu nje. Ni vigumu kusema daftari lake linalindwa na nani, na kwa hiyo hilo ndilo linaloelekea kutupwa kwanza nakala safi ikishatoka kwenye mashine. Kwa kamati za namna hiyo ningependekeza jambo ambalo sheria haijaliagiza: idhini ya kupanga upya iandikwe katika kumbukumbu za kamati yenyewe, kwa nambari yake, ikitaja daftari la asili linabaki mikononi mwa nani.