Waya unaochaji bila kupeleka data: Kwa nini padi hupata moto lakini mashine ya gemu haiitambui

Padi ya PlayStation 4 imechomekwa kwenye mashine kwa waya. Mwanga ulio mbele yake unapumua polepole kwa rangi ya chungwa, ishara kwamba betri inapokea umeme. Mchezaji anabonyeza kitufe cha PS kilicho katikati. Mwanga unapepesa mweupe kwa sekunde kadhaa, kisha unazimika au unarudi kwenye chungwa. Kwenye televisheni, ujumbe unaotaka padi iunganishwe kwa waya wa USB umeganda pale pale, ingawa kwa macho ya kila aliyemo chumbani waya umeshachomekwa.

Hapo ndipo padi nyingi nzima huhukumiwa kuwa mbovu. Mwenye ukumbi wa gemu huipeleka kwa fundi, au huiweka kando na kununua nyingine kwa fedha za mapato ya siku kadhaa. Katika visa vingi padi haina hitilafu yoyote, na kasoro imo ndani ya waya.

Waya wa USB wa kawaida, wa aina iliyotumika kwa padi hizo, una nyuzi nne ndani ya ganda lake. Mbili ni za umeme: nyekundu hubeba volti 5 na nyeusi huurudisha umeme ulikotoka. Nyingine mbili, ambazo kwa desturi ni nyeupe na kijani, hubeba data, yaani mazungumzo baina ya vifaa viwili. Waya wa kuchajia tu una zile nyuzi mbili za kwanza peke yake. Viwanda huutengeneza hivyo kwa sababu shaba inayotumika ni kidogo na bei hushuka. Ndio waya unaopatikana mara nyingi ndani ya boksi la tochi ya kuchaji, mashine ya kunyolea, spika ndogo au pawabenki. Vifaa hivyo havina cha kuzungumza na chaja, kwa hiyo mnunuzi hapunjwi chochote. Tatizo huanza pale waya huo unapohama kutoka kwenye tochi kwenda kwenye padi, kwani plagi zake zinafanana kabisa na za waya kamili.

Ili kufahamu kwa nini umeme pekee hautoshi, inafaa kutazama kinachotokea katika nukta ya kwanza baada ya kuchomeka. Mashine ya gemu haijui kwamba kuna kitu mlangoni kwa kuwa tu umeme unatoka. Inasikiliza zile nyuzi mbili za data, ambazo kwa upande wake huzishikilia chini, karibu na volti 0. Padi inapopata umeme, huvuta uzi mmoja wa data juu hadi takriban volti 3.3, kwa kupitia kizuizi cha umeme cha omu 1,500. Kupanda huko ndiko kubisha hodi. Mashine ikiusikia mlango ukibishwa, huiamuru padi ianze upya, kisha huiuliza wewe ni nani. Padi hujibu kwa namba mbili, moja ya kampuni iliyoitengeneza na nyingine ya aina ya kifaa. Baada ya hapo tu ndipo mashine huikubali.

Katika waya wa kuchajia tu, padi hubisha hodi kwenye mlango usiokuwapo. Huuvuta uzi wa data juu kama kawaida, lakini uzi huo unakomea ndani ya plagi na hauendi kokote. Mashine haisikii kitu, wala haioneshi ujumbe wa hitilafu, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichoharibika. Hakuna mgeni aliyefika. Ndiyo maana tatizo hili hukanganya kuliko waya uliokatika kabisa. Waya uliokatika hauwashi hata taa, na kila mtu huelewa. Huu unatoa nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo inayoonekana kwa macho.

Wapo wanaouliza iweje basi waya huo huo ulitumika kwa miezi bila lawama. Jibu limo katika namna padi hiyo inavyofanya kazi, nalo ni kiini cha suala lote. DualShock 4, kama padi hiyo inavyoitwa, kwa kawaida huzungumza na mashine kwa Bluetooth, hata inapokuwa imechomekwa waya. Waya hutumika kwa mambo mawili: kuchaji, na kuifunga padi na mashine mara ya kwanza. Wakati wa kufungwa, mashine hupitisha kwenye nyuzi za data anwani yake ya Bluetooth pamoja na ufunguo wa siri, na padi huvihifadhi. Kuanzia hapo padi humtafuta mwenyeji wake hewani, na waya hubaki wa kuchajia tu, uwe kamili au usiwe.

Lakini padi hiyo hukumbuka mwenyeji mmoja pekee. Chukua mfano wa ukumbi wenye mashine mbili na padi nne, ambamo waya uliopo ni ule uliokuja na spika. Wiki nzima padi zinacheza, zinachajiwa usiku, hakuna anayelalamika. Jumamosi, kijana mmoja anaazima padi na kwenda nayo kwa rafiki yake, ambako inachomekwa kwa waya kamili na kufungwa na mashine ya huko. Mechi zinachezwa. Jumapili padi inarudishwa ukumbini, inachomekwa kwa waya wa spika, inachaji, na kitufe cha PS kinapobonyezwa inamtafuta mwenyeji aliye mtaa wa pili. Mwanga mweupe unapepesa na kuzima. Mwenye ukumbi anaona padi iliyotoka mzima na kurudi mbovu, na lawama zinamwangukia aliyeazima. Hali hiyo hiyo hutokea pale padi mbili zinapobadilishana mashine ndani ya ukumbi mmoja, au mtu anaponunua mashine iliyotumika ikiwa na padi iliyotoka kwingine.

Ufumbuzi wa mfano huu unachukua chini ya dakika moja kwa mwenye waya unaofaa. Mashine huwashwa, padi huchomekwa kwa waya wa data, na kitufe cha PS hubonyezwa. Mwanga ukitulia kwenye rangi ya buluu, ambayo ni rangi ya mchezaji wa kwanza, padi imeshafungwa. Ikiwa wengine wameshaingia itakuwa nyekundu, kijani au waridi kwa kufuatana. Waya unaweza kuchomolewa hapo hapo na kurudishwa kwa jirani.

Kabla ya kulaumu padi, basi, ni waya unaopaswa kujaribiwa, na jaribio lisilo na gharama ni la simu. Waya huchomekwa kwenye simu ya Android yenye tundu la aina hiyo na upande wa pili kwenye kompyuta. Simu ikifunguliwa na kuonesha taarifa inayouliza iwapo mtumiaji anataka kuhamisha faili, data inapita. Ikionesha alama ya kuchaji peke yake, na kompyuta ikawa kimya, waya huo ni wa umeme tu. Ni vyema simu hiyo iwe imewahi kuhamisha faili kwa waya mwingine, la sivyo kasoro ya tundu la simu itahesabiwa kuwa ya waya. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza pia kuichomeka padi yenyewe: waya ukiwa kamili, katika orodha ya vifaa huonekana kifaa kinachoitwa `Wireless Controller`.

Unene wa waya si ushahidi. Wapo wanaoamini kwamba waya mnene una data na mwembamba hauna, lakini waya wa kuchajia tu unaweza kuwa mnene sana, kwani nyuzi zake mbili hufanywa nene ili kupitisha umeme mwingi. Alama ya USB iliyochongwa juu ya plagi nayo haithibitishi kitu, kwa kuwa kiwanda chochote chaweza kuichonga. Kuchungulia ndani ya plagi kubwa husaidia upande mmoja tu. Humo mna bamba nne ndogo za shaba. Mbili za pembeni, ambazo ni ndefu kidogo, ni za umeme, na mbili za katikati ni za data. Zikikosekana za katikati, jibu limepatikana. Zikiwepo zote nne, bado haijulikani, kwa maana nyaya nyingi za bei nafuu zina bamba nne zilizounganishwa mbili tu. Fundi mwenye multimita hukata shauri kwa kupima kama kila bamba la katikati limeungana na pini yake upande wa pili.

Aidha, waya kamili nao huweza kugeuka kuwa wa kuchajia tu. Nyuzi za data huwa nyembamba kuliko za umeme, na waya unaokunjwa kila siku karibu na plagi hukatika hizo kwanza. Dalili yake ni kwamba padi hutambuliwa waya ukishikwa kwa pembe fulani na kupotea ukiachiwa.

Ikiwa waya uliothibitishwa kwa simu umeshindwa pia, hatua inayofuata ni tundu jingine la USB kwenye mashine, kisha kuirejesha padi katika hali ya mwanzo. Nyuma ya padi, karibu na skrubu iliyo upande wa kitufe cha L2, kuna kishimo kidogo chenye swichi ndani. Mashine ikiwa imezimwa, pini nyembamba huingizwa humo na kubonyezwa kwa sekunde tano hivi, kisha padi huunganishwa upya kwa waya. Hatua hii hufuta mwenyeji wa zamani, lakini haiwezi kuondoa haja ya waya wa data.

Kuna pia njia ya kuukwepa waya, kwa sharti kwamba padi nyingine inayofanya kazi ipo. Kwa kutumia padi hiyo nzima, mtumiaji hufungua `Settings`, halafu `Devices`, halafu `Bluetooth Devices`. Kwenye padi iliyokataa, kitufe cha SHARE na cha PS hubonyezwa pamoja kwa sekunde tatu hivi hadi mwanga uanze kupepesa kwa haraka, na jina lake litatokea kwenye orodha. Asiye na padi ya pili hupata shida kufika kwenye ukurasa huo, na kwake waya ndiyo njia rahisi.

Kinachobaki baada ya hayo ni tundu la padi yenyewe. Pini za umeme katika tundu hilo dogo ziko pembeni na za data zipo ndani zaidi, hivyo tundu lililolegea kwa kuvutwavutwa laweza kuendelea kuchaji huku pini za data zikiwa hazigusi. Kwenye DualShock 4 tundu hilo limefungwa juu ya kibodi kidogo kinachojitegemea, kilichounganishwa na bodi kuu kwa utepe mwembamba. Fundi hubadilisha kibodi hicho peke yake bila kugusa bodi kuu, mradi kilingane na toleo la padi, kwani utepe wa matoleo yote hauna idadi moja ya njia.