Herufi mbili zilizofutwa kwenye pipa la petroli

Weka mapipa mawili ya petroli ubavu kwa ubavu, moja limeandikwa INFLAMMABLE na jingine FLAMMABLE. Kilichomo ni kilekile, na njiti moja ya kiberiti inayatosha yote mawili. Kwa Kiingereza maneno hayo yana maana moja: kitu kinachoshika moto upesi. Lakini aliyefundishwa darasani kwamba «in» mwanzoni mwa neno la Kiingereza hukanusha, akilisoma pipa la kwanza kwa kanuni hiyo, ataondoka akiamini kwamba haliwaki.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni Kilatini, kilichokuwa na «in» mbili zinazofanana sura na kutofautiana kazi. Moja ilikanusha. Nyingine ilimaanisha kuingia ndani ya kitu au kukifanya kiwe katika hali fulani, na hiyo ndiyo iliyozaa kitenzi «inflammare», yaani kuwasha, kutia moto. Madaktari walichukua mzizi huohuo kuitia jina hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuwa nyekundu na kupata joto, «inflammation», na hakuna daktari anayedhani jina hilo linamaanisha mwili usio na moto. Kiingereza kimekuwa na «inflammable» tangu karibu mwaka 1600. Lile fupi, «flammable», lilikuja karne mbili baadaye, na kwa muda mrefu watu wachache tu ndio waliolitumia.

Lawama yote haimstahili msomaji, kwa sababu lugha yenyewe imemtegea mtego. Kiingereza kina neno jingine la vitu vinavyoungua, «combustible», na ukilitangulizia «in» linapinduka kweli: «incombustible» ni kitu kisichoungua. Kwa hiyo kwenye ghala moja unaweza kukuta maneno mawili yanayoanza na «in», moja likikuonya ukae mbali na moto na jingine likikuhakikishia usalama.

Wanasheria hawakuliona tatizo. Bunge la Uingereza lilipotunga sheria ya majumba ya sinema mwaka 1909, liliwalenga waliokuwa wakionyesha filamu «inflammable». Filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa selulosi iliyochanganywa na asidi ya nitriki, na zina oksijeni ndani yake zenyewe, kiasi kwamba zikishika moto huendelea kuungua hata zikizamishwa majini. Kwa wakili neno lilikuwa wazi kabisa. Kijana wa kubeba mikebe ya filamu ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza alilielewaje.

Waliouliza ni watu wa bima na wa kinga ya moto. Katika miaka ya 1920, Chama cha Kitaifa cha Kukinga Moto cha Marekani kilianza kuhimiza «flammable» ishike nafasi ya «inflammable» kwenye maonyo. Katika habari hii jina linalotajwa mara nyingi ni la Benjamin Lee Whorf. Wanaisimu wanamfahamu kwa nadharia yake kwamba lugha huongoza mawazo, lakini mshahara wake ulitoka kwingine. Alisomea uhandisi wa kemikali, na kuanzia 1919 hadi kifo chake mwaka 1941 alikuwa mkaguzi wa kinga ya moto katika kampuni moja ya bima mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Alisoma ripoti nyingi za moto, na akaona kwamba baadhi ya ajali hazikuanzia kwenye waya mbovu. Zilianzia kwenye jina ambalo watu walikuwa wamekipa kitu.

Mfano wake maarufu ni wa mapipa ya petroli. Penye mapipa yaliyojaa, wafanyakazi walikuwa waangalifu. Penye mapipa yanayoitwa matupu, walivuta sigara na kutupa vipande vyake ovyo. Kumbe pipa tupu ndilo la kuogopwa zaidi, na hesabu yake si ngumu. Kimiminika cha petroli hakiungui chenyewe. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya mchanganyiko. Chini ya hapo mvuke hautoshi, juu ya hapo hewa ndiyo haitoshi. Chukua pipa la kawaida la lita 200. Asilimia 1.4 yake ni lita 2.8 za mvuke, na ili kuupata mvuke huo yahitaji kimiminika cha kiasi cha kijiko kimoja tu cha mezani. Pipa lililomiminwa hadi tone la mwisho hubaki na zaidi ya hicho kwenye mshono wa kitako. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu anayetaka kulikata pipa atengeneze jiko huliosha kwanza, kisha hulijaza maji karibu mpaka juu kabla ya kulisogezea moto. Akisikia harufu bado ipo, haanzi. Na asipoisikia pia halijazi maji nusu, maana nafasi iliyobaki juu ndiyo itakayokaa mvuke.

Uingereza ilifuata baadaye. Mwaka 1959 Taasisi ya Viwango ya nchi hiyo ilitangaza kwamba inahimiza «flammable» ili kuepuka utata. Na mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuweka lebo kwenye kemikali, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, kwa Kiingereza unatumia «flammable» pekee na kuongeza mchoro wa mwali ndani ya msambamba wenye mpaka mwekundu.

Kifaransa hakikuhitaji mageuzi hayo. Kwa Wafaransa «inflammable» ni kinachowaka na «ininflammable» ni kisichowaka, basi. Dereva anayepakia petroli Dar es Salaam kuipeleka Bujumbura au Goma ataona mwisho wa safari neno lilelile ambalo wenye Kiingereza walilifuta, na huko liko sahihi. Kanada, yenye lugha zote mbili, huyaweka pamoja kwenye lebo moja, FLAMMABLE na INFLAMMABLE, na asiyejua Kifaransa anaweza kudhani mtengenezaji ameshindwa kuamua. Shehena yenyewe ina namba isiyotegemea lugha: petroli ni 1203 kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa, popote inapokwenda.

Kufuta «in» kulimaliza shida moja. Iliyobaki, kwa maoni yangu, ni kubwa zaidi, nayo iko kwenye kiambishi ambacho kila mtu anakielewa: «non». Msambamba wa kijani wenye maneno NON-FLAMMABLE GAS husema kweli kwamba gesi iliyomo haiwaki. Hausemi kwamba mtungi hauwezi kupasuka ukiachwa motoni, wala kwamba gesi hiyo haiwezi kukuziba pumzi ikivuja chumbani.

Tena oksijeni imewekwa kwenye kundi hilohilo la gesi zisizowaka. Ni kweli haiwaki. Kazi yake ni kuviwasha vingine, na kwa sababu hiyo hubandikwa alama ya pili, ya njano, yenye mwali juu ya duara. Anayeishia kwenye neno la kwanza huona mtungi salama. Akikuta koki ngumu, huipaka grisi kidogo ilainike. Mtungi uliojaa una shinikizo la baa 150 hadi 200. Ukifunguliwa ghafla, gesi hujibana kwenye kipunguza shinikizo na kupata joto kali mara moja, na grisi iliyo ndani ya oksijeni safi hushika moto bila cheche yoyote. Baada ya grisi huungua mpira wa kuzibia, kisha chuma chenyewe. Mafundi wa kuchomelea hukatazwa kugusa koki ya oksijeni kwa mikono yenye mafuta, na mtungi wenye koki ngumu hurudishwa kwa aliyeujaza.