Sauti Pacha za Montreal

Mnamo 1960, Wallace Lambert na wenzake walichapisha utafiti wao wa Montreal. Wasemaji wanne walisoma kifungu kimoja kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Wanafunzi, wakidhani kila sauti ina mtu wake, wakazipima tabia za wasomaji. Hata wanafunzi wenye asili ya Kifaransa walizipendelea sauti za Kiingereza katika sifa nyingi.

Je, kilichopimwa ni lugha tu? Msemaji abadilipo lugha, huenda akabadili pia kasi na kiimbo. Tena kifungu kinaporudiwarudiwa, msikilizaji huiacha maana akabaki na sauti.

Mbinu iliyofuata iliipa kila lugha msemaji wake mzawa. Uasilia ulipatikana, lakini tofauti za lugha zikachanganyika na tofauti za watu. Ndiyo maana huhitajika wasemaji kadhaa kwa kila lugha: hukumu ikiwafuata wote, shaka hupungua.